Kadi Kumi za Kumfikisha Mjukuu kwa Nyanya

Je, umewahi kumwona mtoto akilia kwa sababu ya chakula kingi mno, ilhali neno moja tu lingemwokoa?

Mimi nilimwona, Desemba ya mwaka 2024, katika boma la mama yangu upande wa Kathonzweni, kaunti ya Makueni. Mtoto mwenyewe ni binti ya dada yangu. Ana umri wa miaka tisa, alizaliwa Marekani na anasoma huko. Jioni ya kwanza nyanya yake alimpakulia muthokoi, naye akala akamaliza. Nyanya akainua upawa na kuuliza, "Nikuongeze?" Mtoto, ambaye amefundishwa adabu, akajibu kwa tabasamu, "Asante." Akaongezewa. Akala kwa shida. Nyanya akauliza tena, akajibu tena, "Asante." Sahani ilipojaa mara ya tatu, machozi yakamtoka.

Katika Kiingereza cha nyumbani kwao, mtoto akishukuru huku akitikisa kichwa kidogo, mpakuzi huelewa kwamba ametosheka. Huku kwetu, "asante" mbele ya upawa ulioinuliwa maana yake ni "tia". Neno alilohitaji ni "nimeshiba". Na msomaji, mwenye makosa hakuwa yeye. Alikuwa shangazi-mama wake mdogo, yaani mimi ninayekuandikia, kwa kuwa kadi alizojifunzia Kiswahili nilizitengeneza kwa mikono yangu.

Kadi ishirini zisizosema kitu

Huenda nawe umeziona kadi za aina hii kwenye simu. Wenyewe huziita karuseli: picha zilizopangwa kwa safu moja, mtazamaji akazisukuma kwa kidole moja baada ya nyingine. Mtandao wa Instagram ulianza kuruhusu safu ya picha kumi mwaka 2017, na mwaka 2024 ukaongeza hadi ishirini. Familia nyingi zenye watoto ughaibuni hutumiana kadi hizo pia kwa WhatsApp. Kila kadi huwa na neno la Kiswahili, maana yake na kielelezo cha matamshi.

Nami nilijaza zote ishirini. Niliweka rangi, siku za wiki, hesabu hadi kumi, simba na twiga. Mtoto alizikariri zote. Alipofika bomani hakuna aliyemuuliza rangi ya kitu, wala twiga hakupita. Alimsalimu nyanya yake, "Hujambo?" Nyanya akajibu, "Sijambo, mjukuu wangu. Umefika salama? Njoo uketi." Mtoto, kwa kuwa hakuwa na neno jingine, akarudia, "Hujambo?" Binamu zake wakaangua kicheko, naye akanyamaza siku nzima.

Hapo ndipo nilipong'amua kosa langu. Kadi nilizompa zilifundisha nusu ya mazungumzo. Nusu ya pili ilikuwa kinywani mwa nyanya, nami sikuwa nimeifuata huko.

Anza kwa nyanya, si kwa kitabu

Kabla ya kutengeneza safu ya pili nilikaa siku moja kwa mama na daftari mapajani. Nikaandika kila alichowaambia wajukuu wake wa pale nyumbani, tangu kifungua kinywa hadi usiku. Ukifanya hivyo utashangaa, kwani maneno ni machache na hujirudia. "Njoo." "Umekula?" "Nikuongeze?" "Umeshiba?" "Unaenda wapi?" "Lete maji." "Usiguse." Karibu yote yalikuwa maswali na amri. Kumbe mtoto anayekuja kwa mara ya kwanza anahitaji kwanza kusikia, kisha kujibu, na mwisho ndipo aanze yeye kusema.

Kwa hiyo kila kadi mpya niliipa mistari minne tu. Wa kwanza ni sentensi nzima, si neno moja. Wa pili ni sentensi hiyo hiyo imekatwa kwa silabi, na silabi ya mkazo ikiwa kwa herufi kubwa. Wa tatu ni kidokezo kimoja cha matamshi, kimoja tu. Wa nne ni jibu atakalosikia. Safu nzima haikuzidi kadi kumi.

Huenda ukauliza, mbona Kiswahili na si Kikamba, lugha ya nyanya mwenyewe? Swali ni la haki. Mtoto huyu ana binamu ambao baba yao si Mkamba, ana mwenye duka sokoni Wote, ana dereva wa matatu. Kiswahili kinawafikia wote hao pamoja na nyanya. Wala si lugha ngeni Ukambani. Misafara ya wafanyabiashara wa Kikamba ilikuwa ikishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, na mmishonari Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo.

Kadi ya kwanza haina sentensi

Kadi hii haifuati mistari minne. Ina irabu tano: a, e, i, o, u. Usiipuuze. Mtoto aliyezoea kusoma Kiingereza akiona "lete" huitamka kama silabi moja, na akiona "mimi" huiita "maimai". Wazazi wengi hujaribu kumsaidia kwa kuandika matamshi kwa tahajia ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto hutamka kwa namna moja leo na nyingine kesho, kwa maana tahajia hiyo haina sauti moja kwa kila herufi. Afadhali umfundishe irabu tano mara moja, kisha umwachie herufi zetu zilivyo.

Mwambie hivi. Sauti ya "a" ni ile daktari anayomtaka aitoe anapomchungulia kooni. Ya "e" imo katika neno lake la Kiingereza la kitanda. Ya "i" imo katika neno lake la mti, na ya "u" katika neno lake la mwezi wa angani, ila azikate fupi. Kwa "o" aviringe midomo, kisha asiisogeze hadi sauti iishe. Mtoto wa Kiingereza huimalizia "o" kwa kubana midomo, na "e" ya mwisho kwa kuiongezea "i", ndiyo maana utamsikia akisema "asantei".

Salamu zina watu wawili

Kadi ya pili ni "Shikamoo, nyanya." Mkazo wake ni shi-ka-MO-o. Kidokezo: mwishoni kuna irabu mbili, apige makofi mara nne. Jibu atakalosikia ni "Marahaba". Huku bara shikamoo haisikiki kila mlangoni kama ilivyo pwani au Tanzania, lakini wazee huijua na huipokea kwa furaha.

Kadi ya tatu ndiyo iliyomwangusha binti yetu, na sasa imegeuzwa. Sentensi ya juu ni jibu: "Sijambo, nyanya." Chini yake ndiyo swali atakalosikia: "Hujambo, mjukuu wangu?" Ukiweka jibu juu, mtoto hujua kwamba mwenye kuanza ni mkubwa.

Humo humo nilitia "Habari?" na jibu lake "Nzuri", pamoja na onyo kwamba watu wengi wa bara husema "Mzuri" na wana maana ile ile. Kidokezo kilikuwa cha sauti ya "r". Mtoto aliyekulia Marekani anayo tayari bila kujua: ni ile sauti ya katikati katika neno lake la maji, ulimi unapogusa ufizi mara moja na kuondoka. Atamke neno hilo mara tatu, kisha aihamishe sauti hiyo kwenye "habari". Lakini jihadhari. Hila hii haimfai mtoto wa Uingereza, kwani wengi huko hutamka "t" kamili mahali hapo. Huyo mwache aige sauti ya nyanya.

Sahani, maji na choo

Kadi ya nne, kama ulivyokwisha kubahatisha, ni "Nimeshiba, nyanya. Asante." Ni-me-SHI-ba. Kidokezo hapa si cha ulimi bali ni cha mpangilio: "nimeshiba" itangulie, "asante" ifuate. Akianza na "asante", upawa utakuwa umeshashuka.

Ya tano ni "Naomba maji." Na-O-mba MA-ji. Mtoto akiachwa atafsiri mwenyewe kutoka kwa Kiingereza chake atauliza kama anaweza kuwa na maji, jambo ambalo halimwingii mtu akilini. Na "nipe maji" kwa mzee ni ukavu. "Naomba" inatosha, na inamfaa kwa embe, kwa sabuni na kwa blanketi. Jibu laweza kuwa "Haya, chukua" au, Agosti mito inapokauka, "Ngoja tukachote mtoni." Mweleze mapema kwamba mito mingi ya Makueni na Kitui wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, na maji huchimbwa chini ya mchanga huo. La sivyo atafika mtoni na kudhani ametaniwa.

Ya sita haina mzaha: "Choo kiko wapi?" CHO-o KI-ko WA-pi. Kidokezo: "choo" ni makofi mawili. Akikata la pili hataeleweka, na haja haingoji. Usimweleze habari za ngeli hapa. Akisema "choo iko wapi" kama binamu zake wasemavyo, ataonyeshwa vilevile. Jibu huwa "Kiko kule, nyuma ya nyumba", na mkono hunyooshwa.

Mbwa, ng'ombe na neno la hatari

Kadi ya saba ni "Mbwa anauma?" M-bwa a-na-U-ma. Hapa watoto wengi wa ughaibuni huanguka, kwani hutanguliza irabu isiyokuwapo na kusema "ambwa". Kidokezo: afunge midomo na kuguna kama aliyeonja kitu kitamu, "mmm", kisha aifungue kwa "bwa". Mguno huo ni silabi kamili yenye mkazo wake, kama katika "mtu". Lakini katika "mbuzi" mguno haujitegemei. Huungana na "b" na neno huwa MBU-zi, makofi mawili tu. Jibu ni "Hapana, haumi", au "Ndiyo, usimkaribie."

Ya nane ni "Ng'ombe wako wapi?" NG'O-mbe WA-ko WA-pi. Hapa ndipo wazazi hukata tamaa, ilhali dawa imo kinywani mwa mtoto. Neno lake la Kiingereza la mwimbaji lina "ng'" ya ng'ombe katikati. Neno lake la kidole lina "ng" ya ngoma. Ayatamke yote mawili polepole hadi asikie tofauti. Kisha arefushe sauti ile ya katikati ya mwimbaji, aache yote yaliyotangulia, aanzie hapo moja kwa moja: "ng'... ng'o... ng'ombe". Binti yetu alichukua siku nne. Jibu: "Wako malishoni."

Ya tisa ni ya kusikiliza tu. Haina la kusema. Inasema hivi: ukisikia neno linaloanza kwa "usi", simama ulipo. Usiguse. Usipande. Usikaribie. Hapana haja ya kuelewa sehemu iliyobaki. Katika jiko la mafiga matatu, au kando ya shimo la maji mtoni, silabi mbili hizo ndizo atakazopata kabla ya kuungua au kutumbukia.

Ya kumi ndiyo ya kumwokoa zote tisa zikishindwa: "Sijaelewa. Tafadhali sema polepole." Si-ja-e-LE-wa. Ta-fa-DHA-li SE-ma po-le-PO-le. Kidokezo: "dh" ni sauti inayoanza neno lake la Kiingereza la "hii". Jibu hapa haliandikwi. Nyanya atarudia, mara nyingi kwa mkono pia.

Sikio la Ukambani

Kadi zangu zilikuwa bado na pengo moja, nalo lahusu namna Kiswahili kinavyosikika kwetu. Kikamba hakina sauti ya "r" wala "sh", na "b" na "g" zake huandamana na sauti ya pua. Kwa hiyo baadhi ya wazee husema "habali" kwa habari, "sikamoo" kwa shikamoo, na "ngali" kwa gari. Binamu zake waliosoma hawasemi hivyo, au husema mara mojamoja.

Nilirekodi sauti ya mama akisoma kila kadi, nikaituma kwa WhatsApp ikiwa na namba ya kadi yake. Kwenye Instagram unaweza kuchanganya picha na video fupi katika safu moja, ikawa kila kadi inasema. Usimtafute mtangazaji wa redio. Mtoto akizoea sauti ya mtangazaji ndipo atakapompotea nyanya yake. Nilichomwambia binti ni hiki: wewe tamka kama kadi ilivyoandikwa, lakini sikiliza kama nyanya anavyosema. Wala usiandike popote kwamba nyanya amekosea. Hiyo ni sauti ya lugha yake ya kwanza, kama "asantei" ilivyo sauti ya lugha ya mtoto.

Kuna na jambo la majina ya mahali. Katika maandishi ya Kikamba "th" husomwa kama "dh" ya dhahabu. Mtoto anayeisoma Kathonzweni, au Mutha kule Kitui, kwa "th" ya thelathini atakuwa ametaja mahali pasipojulikana na kondakta.

Utajuaje kwamba kadi imefaulu?

Usimuulize mtoto kama ameelewa, kwani atasema ndiyo. Fanya hivi. Mtoto ajirekodi akisema sentensi bila kutazama kadi. Mchezee nyanya rekodi hiyo bila kumwambia ni kadi gani. Kisha muulize nyanya, "Anataka nini?" Akijibu sawasawa, kadi imepita. Akisema "Sijui huyu mtoto anasema nini", kadi inarudi jikoni.

Katika jaribio la kwanza kadi nne zilipita. "Choo" ilianguka kwa sababu ya kofi la pili. "Mbwa" na "ng'ombe" zilianguka kama ilivyotarajiwa. "Naomba maji" nayo ilianguka kwa sababu sikuitarajia: mtoto aliyasema maneno yote kwa sauti ya kupanda mwishoni, kama aulizavyo Kiingereza, nyanya akadhani anauliza kama wao wanaomba maji. Nikaongeza mshale unaoshuka mwishoni mwa sentensi, na juma lililofuata ikapita.

Ni vyema pia ujue kadi zinakoishia. Safu ya kadi kumi haiwezi kumfundisha mtoto kutunga sentensi yake mwenyewe. Ukimpa "Choo kiko wapi?" hatajua kwa nini mbwa ni "yuko" na maji ni "yako". Hayo yatataka mwalimu, au likizo ndefu miongoni mwa binamu. Kazi ya kadi ni kumfungulia mlango asiogope kuingia.

Agosti ya mwaka 2025 walirudi. Binti alisimama mlangoni, akasema "Shikamoo, nyanya," akahesabu silabi kwa vidole nyuma ya mgongo nisione, lakini niliona. Kwa "mbwa" bado alitanguliza kairabu kadogo, na binamu zake wakacheka. Safari hii alicheka nao.

Usiku muthokoi ikaletwa. Akala, akamaliza. Upawa ukainuka.

"Nimeshiba, nyanya. Asante."

Mama akautua upawa chunguni, akanitazama, kisha akamgeukia mjukuu wake na kumuuliza swali ambalo halimo katika kadi yoyote: huko kwenu mnakula nini? Mtoto akafikiri. Kisha akaitoa kadi ya kumi.